Kilo kwa Ekari, Shilingi kwa Mfuko: Namna ya Kupima Faida ya Mbolea katika Shamba la Mahindi

Mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi wa kata kabla ya msimu wa kupanda



Kila mwaka, mvua za mwanzo zinapokaribia, swali lile lile huulizwa mbele ya duka la pembejeo: je, mbolea inalipa? Mmoja hujibu kwamba bila mbolea hakuna mahindi. Mwingine hujibu kwamba amenunua mifuko kwa miaka mitatu na hajaona hata bati moja jipya juu ya nyumba yake. Wote wawili huenda wanasema kweli, kwa sababu wanajibu maswali mawili tofauti. Yule wa kwanza anazungumzia mavuno, na wa pili anazungumzia fedha. Mbolea inaweza kuongeza mavuno mara mbili na bado ikamwacha mkulima na shilingi chache kuliko alizotarajia. Mazungumzo haya yanahusu namna ambavyo mkulima mwenye ekari moja au mbili za mahindi anaweza kupata majibu yote mawili katika shamba lake mwenyewe, kwa kamba, mizani na daftari.

Kwanza ni ekari yenyewe. Wengi hupima ekari kwa hatua sabini kwa sabini. Kipimo hicho ni kizuri ikiwa hatua ni ndefu, kwa maana ekari halisi ni kama mita za mraba 4,047, yaani mraba wenye upande wa mita 63 na nusu hivi. Mtu mrefu anayetanua miguu huikaribia. Lakini mwenye hatua ya sentimita 75 akihesabu sabini kwa sabini atakuwa amepima mita 52 na nusu kwa kila upande, nalo eneo hilo ni kama theluthi mbili tu za ekari. Mkulima huyo akivuna magunia manane atasema ekari yake imetoa manane, ilhali ardhi yake imezaa kwa kiwango cha magunia kumi na mawili kwa ekari. Tena atakuwa amemwaga mfuko mzima wa mbolea katika theluthi mbili za ekari, akadhani amefuata maelekezo.

Pili ni gunia. Gunia lililoshonewa kilemba juu, lile la lumbesa, huzidi kilo mia, na hakuna ajuaye limezidi kwa kiasi gani mpaka lipande mizani. Kwa hiyo hesabu yote ya mbolea haina budi kufanywa kwa kilo. Mizani ya kuning'iniza ya mnunuzi wa mazao inatosha kwa kazi hii, mradi ijaribiwe kwanza kwa kitu ambacho uzito wake unajulikana. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa unafaa sana.

Kosa linaloharibu ulinganisho mara nyingi zaidi ni la tatu, nalo hufanywa bila kukusudia. Mkulima anayetaka kujua nguvu ya mbolea hununua mfuko mmoja, huuweka katika sehemu ya shamba anayoipenda, karibu na nyumba, ambako majivu, taka za jikoni na samadi ya mbuzi vimekuwa vikitupwa kwa miaka. Sehemu isiyotiwa mbolea huwa ni ile ya mteremkoni, yenye mawe, iliyopandwa wiki mbili baadaye na kupaliliwa mara moja tu. Wakati wa kuvuna tofauti huonekana kubwa mno, na yote hupewa mbolea. Kumbe sehemu ya tofauti hiyo ni ya udongo, sehemu ni ya tarehe ya kupanda, na sehemu nyingine ni ya jembe. Kinyume chake pia hutokea. Kipande kisichotiwa mbolea mwaka huu kinaweza kuwa ndicho kilichotiwa mbolea ya kupandia mwaka jana, au kilichokuwa na maharage, nacho kikaonekana kufanya vizuri kwa akiba iliyobaki ardhini. Mkulima akahitimisha kwamba mbolea haina kazi.

Dawa yake ni kuchagua sehemu moja ya shamba inayolingana, ambayo msimu uliopita ilipandwa zao moja na kutunzwa kwa namna moja, kisha kuigawa. Mfano ufuatao ni wa shamba la mahindi la ekari moja katika Nyanda za Juu Kusini, ambako mahindi hupandwa Novemba na Desemba na kuvunwa kuanzia Juni. Takwimu zake ni za kufundishia hesabu. Mkulima atakayefuata njia hii atapata zake, nazo ndizo zitakazomfaa.

Katika ekari hiyo mkulima anapima vipande sita, kila kimoja mita 12 kwa 12, kwa kamba na vigingi. Kati ya kipande na kipande anaacha njia ya mita moja, na kwa kuwa shamba lina mteremko kidogo, anainua tuta dogo katika njia hiyo ili maji ya mvua yasichukue mbolea ya jirani wa juu na kumpa jirani wa chini. Vipande viwili havipati mbolea kabisa. Viwili vinapata mbolea kwa kiwango cha mfuko mmoja wa DAP wakati wa kupanda na mfuko mmoja wa Urea wa kukuzia kwa kila ekari. Viwili vya mwisho vinapata mfuko mmoja wa DAP na miwili ya Urea. Anavipanga kwa kuvichanganya, ili visivyo na mbolea visiwe vyote upande mmoja wa shamba. Sababu ya kuwa na viwili viwili itaonekana baadaye, nayo ina uzito kuliko inavyodhaniwa.

Mbegu ni moja, siku ya kupanda ni moja, na palizi hufanyika siku moja kwa vipande vyote. Nafasi ni sentimita 75 kati ya mistari na 60 kati ya mashimo, mimea miwiwili kwa kila shimo. Katika kipande cha mita 12 kwa 12 hupatikana mistari 16 yenye mashimo 20, yaani mashimo 320. Mfuko wa kilo 50 ukigawanywa kwa ekari nzima, kipande hiki hustahili karibu kilo 1.8. Mkulima anapima kiasi hicho kwa mizani ya duka na kukitia katika mfuko mdogo wenye jina la kipande. Kila shimo hupata gramu tano na nusu hivi, ambazo ni kifuniko kimoja cha soda kilichojaa vizuri. Mfuko ukiisha kabla ya mashimo, mkono ulikuwa mzito, na ukibaki, mkono ulikuwa mwepesi. Kupima namna hii kwa kipande kimoja humfundisha kibarua kuliko maelezo ya asubuhi nzima.

DAP huwekwa shimoni, hufunikwa kwa udongo kidogo, kisha mbegu hufuata juu yake, kwa maana mbegu ikigusana na mbolea huungua na kuacha pengo. Urea huwekwa mahindi yakifika magotini, udongo ukiwa na unyevu, kando ya mmea kwa upana wa kiganja, na hufukiwa. Urea iliyoachwa juu ya udongo wakati wa jua hugeuka hewa na kupotea. Mkulima aliyeimwaga juu juu na kungoja mvua ambayo haikuja kwa siku kumi amenunua kilo 50 na kuulisha upepo sehemu yake. Katika vipande vinavyopata kiwango cha mifuko miwili ya Urea, nusu ya pili huwekwa karibu na mahindi kutoa mbelewele, na kazi hiyo ni siku nyingine ya kibarua. Siku hiyo huandikwa daftarini pamoja na malipo yake.

Wakati wa kuvuna, kipande chote cha mita 12 hakipimwi. Mimea ya pembeni hupata mwanga zaidi, na mizizi yake huweza kufika kwa jirani. Kwa hiyo kamba huvutwa ndani, ikaacha mita moja kila upande, na yanayovunwa kwa ajili ya kupimwa ni yale yaliyomo katika mita 10 kwa 10. Hapo ndipo hesabu inapokuwa rahisi. Mita za mraba 100 ni takriban sehemu moja ya arobaini ya ekari, kwa hiyo kila kilo moja inayotoka katika kipande hicho ni kilo 40 kwa ekari.

Mahindi hayo hupukuchuliwa, magunzi yakatupwa, na punje za kila kipande zikaanikwa pamoja juu ya turubai kwa siku zile zile. Kupima mahindi mabichi ni kujidanganya. Kilo 40 zenye unyevu wa asilimia 20 zikikaushwa hadi asilimia 13.5, ambacho ndicho kiwango cha kuhifadhi, hubaki kilo 37. Asiye na kipima unyevu hutumia chupa: hutia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, hutikisa kwa dakika chache, kisha hungoja. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji. Ikidondoka yote chini, yapimwe.

Mkulima wa mfano huu alipopima, vipande viwili visivyo na mbolea vilitoa kilo 14 na kilo 16, wastani kilo 15. Vyenye DAP na Urea kwa kiwango cha mfuko mmoja mmoja vilitoa kilo 30 na 34, wastani 32. Vyenye kiwango cha mifuko miwili ya Urea vilitoa 38 na 36, wastani 37. Zikizidishwa kwa arobaini, ardhi isiyotiwa mbolea ilizaa kilo 600 kwa ekari, mifuko miwili ilizaa kilo 1,280, na mifuko mitatu ilizaa kilo 1,480.

Anayesimama hapa ataona kwamba mifuko mitatu ndiyo bora, kwa kuwa ndiyo iliyotoa mahindi mengi. Mikutano mingi ya wakulima husimama hapa, na picha hupigwa mbele ya mahindi marefu. Fedha bado hazijahesabiwa.

Bei za kuhesabia ziwe hizi. Mfuko wa DAP na wa Urea uwe Sh 70,000 kila mmoja, bei iliyotumika kwa mbolea hizo mbili ulipoanza mpango wa ruzuku katika msimu wa 2022/2023, na usafiri hadi kijijini uwe Sh 3,000 kwa mfuko. Kila mara ya kuweka mbolea katika ekari moja igharimu Sh 15,000 za kibarua. Mahindi yauzwe Sh 500 kwa kilo wakati wa mavuno. Kisha kuna gharama ambayo karibu kila mkulima huisahau: kilo zinazoongezeka lazima zivunwe, zibebwe, zipukuchuliwe na kutiwa katika magunia yanayonunuliwa. Hiyo ihesabiwe Sh 7,000 kwa kila kilo mia.

Gharama zisizobadilika haziingii katika hesabu hii. Kulima, mbegu na palizi ni vile vile penye mbolea na pasipo na mbolea, kwa hiyo haviwezi kusema lolote kuhusu faida ya mbolea. Kinachotafutwa ni kile kilichoongezeka tu, upande wa mapato na upande wa matumizi.

Mifuko miwili iliongeza kilo 680 kwa ekari, kutoka 600 hadi 1,280. Kwa Sh 500 hizo ni Sh 340,000. Mbolea pamoja na usafiri ni Sh 146,000. Kuiweka mara mbili ni Sh 30,000. Kuvuna na kufungasha kilo 680 za ziada ni Sh 47,600. Jumla ya matumizi yaliyoongezeka ni Sh 223,600, na kinachobaki mkononi ni Sh 116,400.

Kama mkulima angegawanya mapato kwa bei ya mbolea peke yake, angepata kwamba kila shilingi imerudi na kuwa shilingi mbili na senti 33. Akihesabu matumizi yote, kila shilingi imerudi ikiwa shilingi moja na senti 52. Tofauti ya majibu haya mawili ndiyo bati lisiloonekana juu ya nyumba ya yule mlalamikaji wa dukani. Wataalamu wa kilimo wamezoea kusema kwamba mkulima mdogo anayetegemea mvua anahitaji matumaini ya kupata angalau shilingi mbili kwa kila shilingi moja, ili ile ya ziada imlinde katika mwaka mbaya. Kwa bei ya wakati wa mavuno, mkulima huyu yuko chini ya kipimo hicho, ijapokuwa mavuno yake yamezidi mara mbili.

Sasa mfuko wa tatu. Ukilinganishwa na shamba lisilo na mbolea, mifuko mitatu nayo inaonekana kuleta faida: kilo 880 za ziada, Sh 440,000, matumizi Sh 325,600, baki Sh 114,400. Lakini mfuko wa tatu haupaswi kulinganishwa na shamba tupu. Mkulima aliyekwisha kununua miwili anajiuliza swali moja tu: huu wa tatu peke yake unaleta nini? Unaleta kilo 200, ambazo ni Sh 100,000. Unadai Sh 73,000 za mfuko na usafiri, Sh 15,000 za siku ya tatu ya kibarua, na Sh 14,000 za kuvuna na kufungasha. Jumla ni Sh 102,000. Mfuko wa tatu umekula Sh 2,000 kutoka katika faida ya ile miwili, na umeificha hasara yake nyuma ya mgongo wao.

Sababu iko katika mmea. Kilo za kwanza za naitrojeni hukuta hindi lenye njaa, na kila moja hugeuzwa kuwa punje nyingi. Katika mfano huu mifuko miwili ya kwanza ilikuwa na kilo 32 za naitrojeni, kwa kuwa DAP ina asilimia 18 na Urea asilimia 46, na kila kilo ilizaa kama kilo 21 za mahindi. Kilo 23 za mfuko wa tatu zilikuta hindi lililokwisha kushiba nusu, linalozuiwa sasa na maji, nafasi au kirutubisho kingine, na kila moja ilizaa chini ya kilo tisa.

Hapa ndipo vipande viwili viwili vinapodai heshima yake. Vipande viwili vilivyopata mbolea sawa vilitofautiana kwa kilo 4, yaani kilo 160 kwa ekari, bila sababu nyingine ila udongo. Nyongeza ya mfuko wa tatu ni kilo 200 kwa ekari, iliyozidi tofauti hiyo kidogo tu. Mkulima angekuwa na kipande kimoja kimoja, na bahati ikampa kile cha kilo 30 na kile cha 38, angeamini kwamba mfuko wa tatu umeleta kilo 320 na angeununua kila mwaka. Angepata kile cha 34 na kile cha 36, angeamini umeleta 80. Nyongeza ya mifuko miwili ya kwanza haina shaka ya namna hiyo, maana hata kipande duni chenye mbolea kilizaa karibu mara mbili ya kipande bora kisichokuwa nayo.

Bei ya kilo ya mahindi nayo hubadilisha jibu kuliko watu wengi wanavyofikiri. Kwa Sh 400 faida ya mifuko miwili hushuka hadi Sh 48,400. Chini ya Sh 330 kwa kilo, inakuwa hasara. Mahindi yale yale yakiuzwa Sh 700 katika miezi ya uhaba, baki hupanda hadi Sh 252,400 kabla ya kutoa gharama za kuhifadhi, na hata mfuko wa tatu unaanza kuleta Sh 38,000. Ndiyo maana haiwezekani kusema kwamba kiwango fulani cha mbolea kinalipa au hakilipi bila kutaja mwezi ambao mahindi yatauzwa.

Kwa kaya nyingi za kata, hata hivyo, si mahindi yote ya ziada yanayouzwa. Kaya ambayo kila Januari hulazimika kununua kilo 300 za chakula kwa Sh 800 ikiweka kilo 300 kati ya zile 680, imeokoa Sh 240,000. Kilo 380 zilizobaki zikiuzwa Sh 500, ni Sh 190,000. Jumla Sh 430,000. Ikitolewa ile Sh 223,600, na Sh 15,000 za mifuko mitatu isiyopitisha hewa ili dumuzi asifaidi kabla ya watoto, hubaki Sh 191,400. Mbolea ile ile, shamba lile lile, na faida imezidi kwa zaidi ya Sh 70,000 kwa sababu tu ya mahali punje zilipokwenda.

Upande wa pili ni wa mkopo. Baadhi ya wakulima hupewa mbolea Novemba na hulipa magunia Julai. Mkulima aliyechukua mifuko miwili kwa ahadi ya magunia matano ya kilo mia atabakiwa na kilo 180 kati ya zile 680. Akiziuza hupata Sh 90,000, akalipa kibarua cha kuweka mbolea Sh 30,000 na mavuno Sh 47,600, na mkononi mwake hubaki Sh 12,400 kwa msimu mzima. Magunia hayo yakiwa ya lumbesa, habakiwi na kitu. Kabla ya kutia saini, ni vyema kugawanya idadi ya kilo zinazodaiwa kwa idadi ya mifuko, kisha kuzidisha kwa bei ya Julai. Hapa jibu ni Sh 125,000 kwa mfuko ambao dukani ni 70,000.

Kuna swali litakaloulizwa, nalo ni la haki: je, nguvu za familia zihesabiwe? Kama siku ile ya kuweka Urea mama na watoto wangekuwa nyumbani bila kazi ya kuingiza chochote, mkulima anaweza kuandika sifuri, na faida yake itapanda. Kama siku hiyo baba aliacha kibarua cha Sh 7,000 kwa jirani, ameilipa mbolea Sh 7,000, hata kama fedha hiyo haikupita mkononi.

Mvua haimo katika hesabu yoyote iliyotangulia. Katika mwaka ambao mvua imekatika mapema, shamba hili lingeweza kutoa kilo 350 pasipo na mbolea na kilo 600 penye mifuko miwili. Nyongeza ni kilo 250 tu. Kwa kuwa mahindi yatakuwa adimu, bei inaweza kuwa Sh 800, na nyongeza hiyo ni Sh 200,000 dhidi ya matumizi ya Sh 193,500. Fedha imerudi kwa shida, bila faida. Lakini mbolea hainunuliwi kwa siku moja. DAP lazima iwekwe wakati wa kupanda, kabla hakuna ajuaye mvua itakuwaje. Urea hungoja wiki kadhaa, na katika wiki hizo mkulima huona. Ikiwa mahindi yako magotini na udongo ni mkavu, Urea inaweza kukaa ndani ya mfuko wake uliofungwa vizuri, mahali pakavu, mpaka mvua irudi, au mpaka msimu ujao. Mkulima anayegawa uamuzi wake mara mbili namna hii hupunguza hasara ya mwaka mbaya karibu kwa nusu, na mwaka mzuri hapotezi kitu.

Limebaki jambo moja, nalo ni la shamba lisiloitikia. Inawezekana kabisa kwamba mkulima apime kwa uangalifu na kukuta kipande chenye mifuko miwili kimezidi kisicho na mbolea kwa kilo tatu au nne tu, yaani kilo 120 hadi 160 kwa ekari, katika mwaka wa mvua nzuri. Kabla ya kumlaumu muuza pembejeo, na itazamwe mimea yenyewe. Majani ya chini yenye umanjano unaoanzia ncha na kuingia katikati ya jani kama ulimi huonyesha kwamba naitrojeni haikufika au ilipotea, na pengine Urea haikufukiwa. Mimea michanga yenye majani ya chini ya rangi ya zambarau huonyesha kwamba fosforasi haipatikani, na ikiwa DAP iliwekwa kama ipasavyo, udongo huenda ni wenye tindikali unaoifunga. Maua ya kiduha chini ya mahindi yana jibu lake wazi, kwa kuwa kiduha hunyonya mzizi wa hindi lililolishwa na lisilolishwa. Na ikiwa hakuna dalili yoyote ila mahindi ni mafupi kila mahali, udongo huo huenda umekwisha mboji, na mbolea ya dukani hupita ndani yake kama maji katika kikapu. Katika shamba la namna hiyo Sh 146,000 hufanya kazi zaidi zikigawanywa: mfuko mmoja badala ya miwili, na zilizobaki zikalipia samadi na usafiri wake, au chokaa ya kilimo baada ya udongo kupimwa.

Afisa ugani wa kata akiletewa daftari lenye uzito wa vipande sita, tarehe ya kupanda, tarehe za kuweka mbolea na bei ya kila kitu, anaweza kusema ni lipi kati ya hayo. Sampuli ya udongo ichukuliwe kabla ya kupanda, kutoka katika vipande visivyo na mbolea, kwa kina cha jembe moja, sehemu kumi hadi kumi na tano zikichanganywa katika ndoo safi ambayo haijawahi kubeba mbolea, kisha kilo moja ikaanikwa kivulini na kufungwa.